Sukari 2.1 kwa mtoto mchanga

"Mtoto wa dada yangu kazaliwa Mbale, kilo 2.2, saa mbili baadaye wakamtoboa kisigino, sukari 2.1. Ndiyo kisukari?"

Hapana dada, ni kinyume chake: sukari imeshuka. Tumboni alikuwa akipewa sukari na mama kupitia kondo. Kitovu kikikatwa, mfereji umefungwa, na kwa watoto wote sukari huteremka saa ya kwanza au ya pili. Mtoto mnene wa kutosha hufungua akiba ya ini. Huyu mdogo akiba yake ni haba, ndiyo maana wakampima bila kungoja dalili.

Chini ya 2.6 mmol/L wengi wetu wodini hatukai kimya. Kwa 2.1, na mtoto yuko macho anavuta titi, tunamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye. Akichoka haraka, mama anakamua dang'a kwenye kikombe kidogo. Usiidharau kwa uchache wake. Nusu saa baadaye tunapima tena; ikifika 2.8, tunaendelea kumnyonyesha kila saa mbili au tatu na kupima kabla ya kunyonya.

Ikishuka chini ya 1.4, au akilegea, akitetemeka hata ukimshika mkono, akigoma kunyonya au akisahau kupumua, hapo ni dripu ya glukosi asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo. Kwake ni 4.4.

Maji ya sukari ya bibi, tafadhali, yabaki jikoni.