Vimo hasi kwenye ripoti ya topo

"Wakuu, nimeletewa ripoti ya topo, yaani upimaji wa miinuko ya ardhi, ya kiwanja changu Kigamboni. Vimo vyote ni hasi, kati ya mita -14 na -11, na kiwanja hakina maji. Mchora ramani ya nyumba aanze kazi?"

Asianze kwanza, ndugu. Kiwanja chako hakiko chini ya bahari. Mpimaji ametoa vimo vya GPS vilivyo ghafi, vinavyohesabiwa kutoka umbo la dunia la kihesabu liitwalo WGS84, na pwani ya Dar umbo hilo liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20. Mteremko ndani ya kiwanja unaweza kuwa sahihi, lakini mfereji wa barabarani ukiwa umepimwa kwa usawa wa bahari, hutajua maji yako yataelekea wapi.

Mwambie mpimaji ataje benchimaki aliyoanzia, yaani alama ya kudumu yenye kimo kinachojulikana, na kimo chake. Aseme pia kama koordineti ni za mfumo wa Arc 1960 au wa WGS84. Zote zinaandikwa kwa gridi ya UTM 37S, tarakimu zinafanana, ila zinapishana karibu mita 300.

Kuhusu usahihi, "sentimita 2" iliyosomwa kwenye mashine haitoshi. Arudie kupima pointi inayojulikana ambayo hakuitumia kuanzia, aandike tofauti aliyoipata. Na chini ya miembe, ambako GPS hubabaika, aeleze alipimaje. Mabomba ya ardhini na mipaka ya kisheria, kama hakuvipima, aandike hivyo waziwazi.