Mistari mitatu niliyoificha kwenye faili la mishahara

Miaka kadhaa iliyopita, siku moja ya mwisho wa Machi, mhasibu mkuu aliniita mezani kwake. Mbele yake kulikuwa na orodha ya mishahara niliyoichapa asubuhi ile, na pembeni kikokotoo. "Mama, nimejumlisha mara mbili," akaniambia. "Napata 14,720,000. Wewe hapa chini umeandika 15,785,000. Hii 1,065,000 ya nani?"

Wakati huo nilikuwa naandaa mishahara ya kampuni ndogo ya ulinzi hapa Mwanza. Kwenye karatasi kulikuwa na majina 35, kila jina na kiasi chake, na hakuna hata kiasi kimoja kilichokosewa. Jumla ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko vitu vyenyewe. Nilirudi kwenye kompyuta, nikafungua faili, nikatazama namba za mistari upande wa kushoto: 16, 17, 18, kisha 22. Hapo nikakumbuka.

Mwezi Januari walinzi wawili na msimamizi wao mmoja waliacha kazi. Madai yao ya mwisho yalikuwa hayajafungwa, kwa hiyo niliambiwa nisifute taarifa zao, ila wasionekane kwenye orodha inayochapwa. Nikachagua mistari ya 19 hadi 21, nikabonyeza Ctrl+9, wakatoweka. Februari mshahara uliandaliwa na mwenzangu kwenye faili lake, nami nilikuwa likizo. Machi nikalichukua faili langu la Januari, nikabadilisha tarehe, nikaendelea.

Kuficha mstari kwenye Excel maana yake ni kuupa kimo cha sifuri, basi. Data iko palepale na fomula zake zinaendelea kufanya kazi. Chini ya orodha yangu kulikuwa na fomula hii:

```
=SUM(G5:G42)
```

SUM haiangalii kinachoonekana. Imeambiwa ijumlishe kutoka G5 hadi G42, na watu wale watatu wako humo humo: 320,000, 320,000 na 425,000. Printa yenyewe huchapa kinachoonekana tu. Ndiyo maana karatasi ilikuwa na watu 35 na jumla ya watu 38, na ndiyo maana mzee yule na kikokotoo chake aliona tatizo ambalo mimi kwenye skrini sikuliona.

Jumla ile ingekuwa ndiyo hasara yote, tungecheka yakaisha. Lakini asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimenakili seli za B5 hadi G42 na kuzibandika kwenye faili la malipo la benki, na faili lilikwishatumwa. Ukichagua eneo lenye mistari uliyoificha kwa mkono, Excel inanakili eneo zima pamoja na iliyofichwa. Ukibandika kwingine, mistari ile hutokea wazi kabisa katikati ya mingine, kama vile haijawahi kufichwa. Majina matatu yalikuwa yanaonekana kwenye faili la benki, lakini nani anasoma jina kwa jina orodha ambayo ameitoa yeye mwenyewe dakika moja iliyopita? Akaunti moja ilikuwa imefungwa, pesa ikarudi. Mmoja alirudisha mwenyewe baada ya kupigiwa simu. Wa tatu ilibidi tumkate kwenye madai yake ya mwisho, na mazungumzo ya siku ile sitayasahau, kwa sababu yeye hakuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo nimetofautisha kabisa mambo mawili ambayo zamani niliyaona kitu kimoja: kuficha kwa mkono na kuchuja. Ukichuja kwa Filter, mistari isiyohitajika nayo hutoweka, lakini Excel huitendea tofauti. Ukinakili orodha iliyochujwa, kinakwenda kinachoonekana tu. Pia utaijua kwa macho, kwa sababu namba za mistari hugeuka rangi ya bluu na kichwa cha safu huwa na alama ya chujio. Mistari iliyofichwa kwa mkono haikupi dalili hiyo. Unabaki na namba zilizoruka na kamstari kazito kidogo kati ya 18 na 22.

Kama huna namna ila kunakili eneo ambalo huenda lina mistari iliyofichwa, lichague kwanza, kisha bonyeza Alt na alama ya nukta-mkato kwa pamoja (Alt+;), ndipo unakili. Kitendo hicho huacha kwenye uchaguzi seli zinazoonekana tu. Vilevile usisahau upande wa pili: ukichagua kuanzia mstari wa 15 hadi 25 ukafuta, wale wa 19 hadi 21 nao wanafutwa bila wewe kuwaona.

Lakini kukumbuka Alt+; kunategemea kwanza ujue kwamba kuna kitu kimefichwa, na shida yangu mimi ilikuwa kusahau. Kwa hiyo nimeweka juu ya kila orodha ya malipo seli moja ya kunikumbusha:

```
=COUNTA(B5:B42)-SUBTOTAL(103,B5:B42)
```

Sehemu ya kwanza inahesabu majina yote yaliyomo, yanayoonekana na yasiyoonekana. Ya pili inahesabu yanayoonekana tu. Tofauti ikiwa 0, kila jina liko mbele ya macho yako. Faili langu la Machi lingeniambia 3. Namba hiyo 103 ina maana yake, usiandike 3 peke yake: SUBTOTAL yenye 3 huruka mistari iliyochujwa lakini huhesabu iliyofichwa kwa mkono, na 103 huruka zote mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa 9 na 109 ukitaka kujumlisha pesa. Naipenda njia ya kuhesabu majina kuliko ya kujumlisha pesa, kwa kuwa mtu aliyefichwa akiwa na mshahara wa sifuri, jumla haitamfichua, idadi itamfichua.

Ukomo wake ni kwamba SUBTOTAL inajali mistari tu. Ukificha safu, tuseme safu ya makato, haitakuambia kitu. Kwa safu hakuna njia ya mkato, soma herufi za juu kwa mpangilio: A, B, C, D. Ukiona C kisha F, simama.

Kufichua kwenyewe ni kazi ndogo. Bofya kile kipembe kilicho juu ya namba 1 na kushoto kwa herufi A, faili lote linachaguliwa. Kisha bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya namba yoyote ya mstari na uchague Unhide, halafu rudia juu ya herufi yoyote ya safu. Ikigoma, mara nyingi sababu ni kwamba mistari imechujwa, haikufichwa, na hapo dawa ni Clear kwenye menyu ya Data. Nyingine ni kwamba mtu ameupunguza mstari kwa mkono hadi ukawa mwembamba kama uzi. Huo kwa Excel haujafichwa, kwa hiyo Unhide hauugusi. Chagua mistari yote, nenda Row Height, andika 15, itajitokeza.

Shiti zilizofichwa zinanitia hofu zaidi, maana mstari uliofichwa angalau unaruka namba. Shiti iliyofichwa haiachi pengo lolote chini ya skrini. Tarehe 8 Agosti 2023 Polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la kawaida la taarifa kwa kutoa faili la Excel hadharani mtandaoni. Walichoombwa kilikuwa idadi ya watumishi kwa vyeo. Ndani ya faili, kwenye shiti ambayo waandaaji hawakuiona, kulikuwa na majina ya ukoo, herufi za kwanza, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi wote, watu 9,483. Lilikaa wazi kwa muda usiofika saa tatu kabla ya kuondolewa. Katika nchi ambayo askari polisi wamewahi kuuawa majumbani kwao, na wengine huwaficha hata jamaa zao kazi wanayofanya, saa hizo zilitosha. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliwatoza faini ya pauni 750,000.

Kuangalia shiti zilizofichwa ni kubofya kwa kitufe cha kulia juu ya kichupo chochote cha shiti na kutazama Unhide. Ikiwa inabofyeka, kuna kitu. Ikiwa imefifia, usitulie mapema. Huenda muundo wa faili umefungwa kwa nywila, au shiti imefichwa kwa daraja la pili ambalo menyu hiyo hailionyeshi kabisa. Bonyeza Alt+F11, utaona upande wa kushoto orodha ya shiti zote za faili. Bofya moja, bonyeza F4, tazama mstari wa Visible: -1 ni inayoonekana, 0 ni iliyofichwa kawaida, 2 ni ile ya daraja la pili. Badilisha 2 iwe -1, itatokea. Mafaili tunayorithi kutoka kwa mtu aliyekuwa na kazi hiyo kabla yetu huwa nayo mara nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Kabla faili halijatoka nje ya ofisi, hifadhi nakala yake kwanza, kisha kwenye nakala hiyo nenda File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Itakuambia kama kuna mistari, safu au shiti zilizofichwa. Kuna kitufe cha Remove All, na ndiyo sababu ya kutumia nakala: kilichoondolewa hapo hakirudi kwa Ctrl+Z, na fomula zilizokuwa zinategemea safu iliyoondolewa zitaonyesha #REF!. Mimi siku hizi nafungua faili jipya tupu, nabandika ndani yake thamani tu za kile kilichoombwa, basi. Faili jipya halina historia ya mtu mwingine.

Na walioacha kazi siwafichi tena. Nawahamishia kwenye shiti yao iitwayo Walioondoka, iliyo wazi, yenye tarehe ya mwisho ya kazi na deni lililobaki. Pale ambapo kweli nahitaji kukunja mistari ili orodha ndefu isomeke, natumia Group kwenye menyu ya Data badala ya kuficha. Inakunja vilevile, ila inaacha pembeni alama ya kujumlisha, na yeyote atakayelifungua faili baada yangu ataiona.