Oda moja, ankara mbili: ufunguo wako unatengenezwa lini?

Swali: Habari mtaalamu. Tuna duka la mtandaoni hapa Kigoma, tunauza dagaa na mafuta ya mawese. Oda zikipitiliza, Xero, programu yetu ya uhasibu, inatukatalia kwa 429, msimbo wa maombi kuzidi kiwango. Kijana mmoja alituwekea programu irudie kutuma mpaka ikubaliwe. Sasa mauzo kwenye vitabu yamezidi hela iliyoingia. Tuongeze sekunde za kusubiri? – Msomaji, Mwanga

Jibu: Ongezeni, lakini ankara pacha zitabaki palepale. Oda iliyopewa 429 haikuandikwa popote. Xero inapokea maombi 60 kwa dakika kwa kila kampuni, na ikikukatalia inakuambia kwenye `Retry-After` usubiri sekunde ngapi. Subirini hizo, tumeni tena, hakuna madhara.

Ugonjwa wenu ni ombi lisilojibiwa kabisa. Tuseme oda 1187, dagaa za shilingi 84,000. Programu yenu inasubiri sekunde 10 tu. Mtandao ukasuasua; Xero ikaandika ankara, jibu likapotelea njiani. Programu ikaona kimya, ikadhani imeshindikana, ikatuma tena. Vitabuni kuna 168,000, mteja kalipa 84,000. Kimya si kukataliwa, na hapa ndipo mafundi wa "nitakuwekea irudie yenyewe" wananichosha.

Dawa ni ufunguo wa kuzuia marudio. Oda inapoingia kwenye foleni, itengenezewe ufunguo mara moja, uhifadhiwe kwenye safu ya oda hiyo hiyo, kisha kila jaribio litume huo huo:

```
Idempotency-Key: oda-1187-ankara
```

Xero ikiuona tena inarudisha jibu la mwanzo badala ya kuandika ankara mpya. Fungueni programu ya huyo kijana: nina wasiwasi kwamba kama ufunguo upo, basi unazaliwa upya ndani ya kitanzi cha kurudia, kila jaribio na wake. Huo ni pambo tu.

Tena ufunguo haukumbukwi milele. Umeme ukikatika mchana kutwa, foleni ikiamka isitume kwa pupa. Kwanza itafute ankara yenye namba ya oda, 1187, kwenye `Reference`, na isipoipata ndipo itume. Pacha zilizokwishaingia mtazipata kwa njia hiyo hiyo: pakueni ankara za mwezi, zipangeni kwa `Reference`, inayojirudia ikaguliwe na mhasibu kabla ya kubatilishwa.

Na nyote mnaolipia kazi za namna hii, msiishie kuonyeshwa oda ikipita. Mwambieni fundi akate mtandao mara tu baada ya kutuma, aurudishe, kisha mhesabu ankara mbele yake. Halafu atume oda yenye akaunti isiyokuwepo. Hiyo itarudi na 400, yaani ombi lenyewe lina kosa, na hata ikirudiwa usiku kucha haitapita. Inatakiwa itoke kwenye foleni, iwekwe pembeni mtu aione. Ikiendelea kuzunguka, inakula nafasi za zile 60, na oda zisizo na kasoro zilizo nyuma yake zinaanza kupigwa 429.