Faili dogo, simu ya moto

Mzee mmoja wa tuktuk pale Mwembe Tayari ndiye aliyenionyesha kwamba uzito wa faili ni kitu kimoja na ulaji wa betri ni kitu kingine. Alinikabidhi simu yake akasema, "Mwanangu, hii programu yenu tangu saa mbili haijaniletea abiria hata mmoja, lakini chaji imeshaila. Hebu ishike uone."

Niliishika. Ilikuwa moto kama sufuria.

"Pole, mzee wangu. Labda ni jua."

Akanicheka. Tuktuk ilikuwa kivulini tangu asubuhi.

Kilichoniuma ni kwamba wiki ile nilikuwa nimetoka kupunguza faili la animesheni ya programu hiyo kutoka MB 1.9 hadi KB 41, na ofisini nilikuwa nikijisifu kwamba shida ya animesheni imekwisha. Wewe unayeanza kazi hii utakutana na faili kama lile mapema tu, kwa hiyo nitakueleza nilichofanya sawa na nilichokosea.

Animesheni yenyewe ilikuwa feri ikivuka Likoni, mawimbi yakipita chini yake. Ilidumu sekunde 3 kwa fremu 30 kila sekunde, kisha inaanza upya. Dereva aliiona akiwa anasubiri abiria. Mchoraji wetu aliitengeneza kwenye After Effects, akaitoa kwa kiendelezi cha Bodymovin kama faili la JSON, na sisi tukaicheza kwenye Android kwa maktaba ya Lottie. Faili la namna hii halibebi picha za kila fremu. Linabeba maelezo, ndiyo maana huitwa la vekta: umbo hili lina nukta hizi, kwenye fremu ya 0 liko hapa, kwenye fremu ya 90 liko pale. Simu yenyewe ndiyo inayochora. Ndiyo maana feri nzima ingepaswa kuingia kwenye KB chache, na ndiyo maana MB 1.9 ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Usianze kwa kulibana faili. Lifungue kwanza uone limebeba nini. Amri yangu ya kwanza huwa hii:

```
grep -o 'data:image' feri.json | wc -l
```

Ilinijibu 3. Maana yake ndani ya faili "la vekta" kulikuwa na picha tatu za PNG zilizogeuzwa kuwa maandishi ya base64. Mgeuzo huo hufanya kila baiti tatu ziwe herufi nne, kwa hiyo picha za MB 1.35 zilikuwa zimevimba hadi MB 1.8. Vingine vyote, mawimbi na mwendo, vilikuwa kama KB 100 tu. Mchoraji alikuwa amechukua picha ya feri kutoka kwenye bango, akaikata vipande vitatu, akavisogeza.

Nilipomweleza, akaipitisha picha ile kwenye zana ya kugeuza picha kuwa vekta yenyewe, akanitumia faili jipya. KB 700. Hakuna tena PNG, lakini zana ilikuwa imefuata kila kivuli na kila doa la kutu, ikamwaga maelfu ya nukta. Hiyo ni vekta kwa jina tu. Tena ni mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu PNG simu inaifungua mara moja kisha inaisogeza, ilhali nukta zile lazima zichorwe upya kila fremu.

Mara ya tatu tulikaa pamoja. "Dada, feri hii dereva ataiona kwa upana wa vidole vitatu," nikamwambia. "Ana haja na kutu?" Akaichora kwa mkono: mwili, sitaha, chumba cha nahodha, bendera. Maumbo kumi na moja.

Yalibaki mawimbi. Alikuwa ameyayumbisha kwa msimbo mdogo wa After Effects, ule unaoitwa expression. Lottie ya Android haichezi expression, kwa hiyo kabla ya kutoa faili alizigeuza kuwa keyframe, yaani fremu ambayo umbo linaandikiwa mahali pake, na mgeuzo ule uliweka keyframe kwenye kila fremu: 90 kwa kila wimbi, kila moja ikiorodhesha nukta zote za umbo. Ukiona ndani ya JSON namba za `"t"` zikienda 0, 1, 2, 3 bila kuruka, ndicho kilichotokea. Dawa yake ilikuwa rahisi: kila wimbi liwe umbo moja refu kuliko skrini, linalosogezwa kushoto kwa keyframe mbili, mwanzo na mwisho, umbali sawa na kilele hadi kilele ili kurudi mwanzo kusionekane. Tukafika KB 41.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulikosa wakikimbilia umbizo la `.lottie`. Umbizo hilo ni kifurushi cha zip chenye JSON ndani. Likipakuliwa kutoka kwenye seva isiyobana mafaili, faida ni kubwa. Lakini ukiliweka ndani ya APK, faili la kusakinishia programu, kumbuka APK nayo ni zip, na JSON yako hubanwa humo vilevile. Ukitaka kujua uzito utakaomfikia mtumiaji, pima kwa `gzip -9 -c feri.json | wc -c`. Letu lilikuwa KB 7. Kulihamisha kwenye `.lottie` kusingetuokolea chochote cha maana.

Mpaka hapo nilikuwa sawa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba betri imepona pamoja na faili. Uzito wa faili simu inaulipia mara moja: inalipakua, inalisoma, basi. Betri inalipa kwa kila fremu inayochorwa, na fremu zinaendelea maadamu animesheni inacheza. Faili la KB 41 linalozunguka kutwa litakula zaidi ya faili la MB 2 lililocheza sekunde tatu likanyamaza.

Cha ajabu, kwenye simu ya yule mzee feri haikuwa ikionekana. Abiria wakikosekana kwa dakika moja, programu yetu hufunika feri kwa paneli nyeupe yenye orodha ya mitaa yenye wateja wengi. Alichokuwa akikitazama ni maandishi yaliyotulia. Nilirudi ofisini, nikaunganisha simu na kompyuta, nikasubiri paneli itokee, kisha nikaanzisha upya hesabu ya fremu:

```
adb shell dumpsys gfxinfo ke.mfano.tuktuk reset
```

Nikahesabu sekunde 30 bila kuigusa skrini, nikaendesha amri ileile bila neno `reset`, nikatazama mstari wa `Total frames rendered`. Skrini iliyotulia inatakiwa kutoa namba ndogo sana. Mimi nilipata karibu 1800, yaani fremu 60 kila sekunde. Feri ilikuwa ikiendelea kuvuka chini ya paneli, haionekani na mtu.

Sababu ni hii. Lottie husimama yenyewe pale kionyeshi chake, yaani View, kinapofichwa kwa `GONE` au `INVISIBLE`, au programu ikiwekwa nyuma. Haijui kwamba umeweka kitu kingine juu yake. Kukifanya kiwe angavu kabisa kwa `alpha = 0f` nako hakukisimamishi. Kwa mfumo, bado kipo. Kwa hiyo lazima uiambie:

```kotlin
fun onyeshaMitaa() {
    paneli.isVisible = true
    feri.pauseAnimation()
    feri.isVisible = false
}
```

Ukiisimamisha kwa mkono hivyo, usitegemee itaendelea yenyewe ikirudi kuonekana. Ita `resumeAnimation()`. Nilisahau hilo kwa siku moja, na madereva wakatuma picha za feri iliyokwama katikati ya kivuko. Mmoja akauliza kama imeharibika kweli.

Halafu kuna swali la zile fremu 60. Faili letu ni la fremu 30, sasa 60 zimetoka wapi? Lottie ya Android kwa kawaida hufuata kasi ya skrini na kubuni hatua za katikati ili mwendo uwe laini. Kwenye skrini ya 120 Hz inaweza kuchora mara nne ya alichokusudia mchoraji. Kwa feri inayojikokota hutaona tofauti, kwa hiyo tuliifunga:

```kotlin
feri.setUseCompositionFrameRate(true)
feri.repeatCount = 3
```

Mstari wa pili ulizua ubishi ofisini kuliko wote. Mchoraji alitaka feri izunguke bila kikomo. Mimi nasema dereva akishaiona inavuka mara nne ameshaelewa kwamba programu inatafuta; kuvuka mara ya mia tano hakumwambii jipya. (Namba 3 ni marudio baada ya mchezo wa kwanza, ndiyo maana zinakuwa nne.) Tukakubaliana fremu ya mwisho iwe feri iliyotia nanga ikiwa nzima, ili ikisimama ionekane imesimama kwa kutaka.

Kuna gharama moja zaidi ambayo namba ya fremu haikuonyeshi, nayo ni maski. Mchoraji alikuwa amekata kila wimbi kwa maski ili lisitoke nje ya mchoro, jumla saba. Kila maski huifanya simu ichore pembeni kwanza, kisha iunganishe. Zaidi ya hapo, ukiiacha Lottie kwenye `RenderMode.AUTOMATIC`, maski zikizidi nne inaacha kutumia chipu ya michoro na kuhamia kuchora kwa prosesa, kwenye picha ya ukubwa wa kionyeshi kizima. Kwenye simu ya bei nafuu joto huanzia hapo. Na maski zile hazikuwa na kazi, kwa sababu Lottie tayari hukata chochote kinachotoka nje ya mipaka ya mchoro. Tulizifuta zote saba, sura haikubadilika hata kidogo.

Ukitaka kulinganisha betri yenyewe, tumia simu moja, mwangaza uleule, nje ya chaja, kivulini, na uipe saa nzima kila mara. Jua la Mombasa likiwa juu ya dashibodi litakupa matokeo ya jua, na kebo ya USB inachaji huku unapima. Tena usitarajie miujiza: programu ya dereva huiacha skrini ikiwaka, na skrini inakula hata usipochora kitu.

Toleo jipya lilipotoka nilipima tena paneli ikiwa juu. Sekunde 30, fremu 2. Moja ya hizo mbili sijaijua imetoka wapi. Mzee nilimkuta tena Mwembe Tayari wiki iliyofuata. Hakusema lolote kuhusu chaji. Alilalamika kwamba abiria bado hawaji.