Mavazi ya usaili: nitumie pia picha umekaa

*Nimepiga picha nne kwenye kioo, kila moja na nguo tofauti. Ipi inafaa kwa usaili wa ofisini?*

Sijui, na wewe pia huwezi kujua kwa picha hizo. Moja umeipiga usiku chini ya taa ya manjano, nyingine dirishani, mbili kwa flashi. Taa ya manjano inalifanya shati jeupe lionekane krimu, na bluu iliyokolea ionekane nyeusi. Isitoshe, mkono ulioinua simu umelivuta koti juu upande mmoja, na simu yenyewe imeficha kola. Kila wiki naletewa picha za namna hii, na kila wiki narudia maneno yaleyale.

Egemeza simu kwenye kitu imara, usawa wa kifua, kisha rudi nyuma kama mita tatu. Tumia lenzi ya kawaida, si ile pana inayorefusha miguu. Weka kipima muda cha sekunde kumi. Piga mchana, uso ukielekea dirishani, ukuta mtupu nyuma yako, na usihame hapo hadi umalize nguo zote. Kila vazi lipigwe mbele, ubavuni, mgongoni, na ukiwa umekaa. Vaa viatu utakavyokwenda navyo, kwa sababu urefu wa suruali haupimwi kwa ndala.

*Nina suti ya kijivu, koti la bluu na suruali nyeusi, na shati jeupe na suruali ya kaki. Marafiki zangu wote wamechagua suti. Wako sahihi?*

Wamechagua picha uliyotabasamu. Wewe umepiga picha vizuri, tena umekaa, kwa hiyo tuangalie nguo.

Suti kwanza. Ukisimama, mshono wa bega unaishia pale mfupa wa bega unapoishia, na kola ya koti imelala juu ya kola ya shati bila mwanya. Hapo ndipo koti linapohukumiwa, maana bega ni kazi ngumu na ya gharama kwa fundi. Lakini tazama tumboni: kifungo kinavuta kitambaa hadi mikunjo imechora herufi X. Koti limebana kiunoni. Ligeuze, upapase mshono wa katikati ya mgongo kwa ndani. Kama kuna kitambaa cha akiba, fundi ataulegeza. Kama hakuna, usilazimishe. Na ukikaa, fungua kifungo; kwenye picha yako ya kukaa umekiacha kimefungwa, ndiyo maana mabega yamepanda hadi masikioni.

Koti la bluu limekukaa vizuri zaidi kuliko vyote, lakini suruali nyeusi inaliharibu. Kwenye mwanga wa dirisha rangi hizo mbili zinakaribiana bila kufanana, na mtu anadhani ulivaa gizani. Livae na ile suruali ya kijivu ya suti, kisha upige picha upya.

Suruali ya kaki iache kabisa kwa usaili rasmi. Shati halina kosa.

Uamuzi wangu: kwa ofisi ya sheria au benki, nenda na suti ikiwa fundi ameitengeneza. Asipoweza, koti la bluu na suruali ya kijivu. Mpelekee fundi mapema ili upate siku ya kulivaa tena na kupiga picha, si jioni ya kuamkia usaili.

*Sketi yangu inafika magotini. Inatosha?*

Ukiwa umesimama, ndiyo. Kaa kwenye kiti kigumu, simu iwe mbele yako usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Ikipanda zaidi ya upana wa kiganja juu ya goti, au mpasuo ukifunguka, chagua nyingine. Angalia pia kama blauzi inaachia mwanya kati ya vifungo.

*Naweza kuweka filta kidogo ili rangi zitokee?*

Hapana. Filta inafuta mikunjo na madoa, na hayo ndiyo tunayatafuta.

*Usaili wangu ni wa video. Nitumie picha zilezile?*

Piga nyingine kwa kamera ya kompyuta utakayotumia, kwenye kiti hichohicho na saa hiyohiyo ya siku. Mistari myembamba iliyosongamana inachezacheza kwenye skrini hadi inaumiza macho, kwa hiyo rekodi video fupi huku ukisogea kidogo. Picha tuli haitakuonyesha hilo. Shati jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso unakuwa mweusi kuliko ulivyo. Vaa koti juu yake au shati la bluu hafifu. Na suruali vaa ya ofisini, kwa sababu huenda ukalazimika kuinuka kufunga mlango.