Bango la rolapu: ujumbe mmoja tu

"Bango letu la maonyesho ni sm 85 kwa 200. Tunauza pampu za sola. Tuweke huduma zote sita au tuchague?"

Chagueni moja, ndugu. Mpita njia hasimami kusoma orodha. Mimi ningeandika MWAGILIA BILA MAFUTA, kila neno mstari wake, herufi nene zenye kimo cha sentimita 10 hivi, chini yake picha moja ya pampu ikitoa maji. Huduma nyingine ziende kwenye kipeperushi.

Maneno hayo yakae juu, usawa wa macho au zaidi. Sehemu ya chini hufichwa na meza na miguu ya watu. Mimi niliwahi kuweka namba ya simu huko, siku nzima hakuna aliyeiona! Pia muulize mchapaji ni sentimita ngapi za chini ya bango zinaingia ndani ya kasha linamokunjwa.

Kabla ya kuchapa, punguza bango zima liingie kwenye A4, libandike ukutani, usimame sentimita 75 kutoka hapo. Ni kama kuliona halisi ukiwa mita 5. Mwonyeshe mtu asiyeijua kazi yenu kwa sekunde tatu, ulifunike, umuulize mnauza nini. Akisitasita, punguzeni maneno.