Barua yako itasomwa na mtu wa dokezo

"Mama, nimekuambatishia barua ya kumwomba Mkurugenzi wa halmashauri ruhusa ya masomo yenye mshahara nimalizie PhD. Naomba uniambie kitu kimoja tu: niombe mwaka mzima ili wakipunguza nibaki na miezi sita, au niombe miezi sita moja kwa moja?"

Mwanangu,

Kamwene, kama mnavyosalimiana huko Iringa. Sisi hapa Tukuyu tu wazima, mvua imeanza mapema na baba yako amekwisha kugombana na majirani juu ya mfereji, kwa hiyo ujue hali ni ya kawaida.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ni nzuri, na ndiyo shida yake. Umeandika kurasa tatu, ya kwanza yote inaeleza kwa nini kemia ifundishwe kwa vitendo hata pasipo maabara. Mimi nimefurahi kuisoma kwa sababu ni mama yako. Lakini umeandika kana kwamba Mkurugenzi ataketi na chai aisome. Hataisoma. Nimekaa ofisi ya utumishi mpaka nikastaafu, najua barua inavyotembea. Itafika masijala, itapigwa muhuri, itawekwa kwenye faili lako binafsi, faili litapelekwa kwa afisa utumishi, naye ndiye atakayemwandikia mkubwa dokezo la nusu ukurasa. Mkurugenzi anasoma dokezo. Kwa hiyo barua yako inaandikwa kwa ajili ya kijana mwenye mafaili arobaini mezani, ambaye lazima apate vya kunakili. Ukimpa kurasa tatu za kemia, ataandika kwamba "mtumishi anaomba kwenda masomoni" na basi, na dokezo la namna hiyo hurudi na maswali.

Maswali yenyewe nayajua. Yupo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka huu? Alipoanza kusoma alipewa ruhusa? Nani atafundisha vipindi vyake? Atarudi lini?

La kwanza kaulize kabla hujabadilisha hata nukta. Mpango wa mafunzo wa halmashauri unakwenda na mwaka wa fedha, Julai hadi Juni. Kama jina lako halimo, afisa hana pa kushika, hata akupende vipi. Ukikuta halimo, usipeleke barua ya ruhusa ukajikalia. Peleka kwanza ombi la kuingizwa, uone kama kuna nafasi ya marekebisho ya mpango au unasubiri Julai. La pili unalo: ile barua waliyokuruhusu kusoma huku ukiwa kazini, ambayo ulikuja kuinakilisha hapa nyumbani Krismasi ile gari lilipokwama Uyole. Mbona hukuitaja? Andika kumbukumbu namba yake na tarehe kwenye aya ya kwanza, na nakala uiambatishe. Bila hiyo afisa anaanza kulipekua faili lako, na faili likipekuliwa hukosi kuulizwa jambo ambalo halihusiani.

Aya ya kwanza ningeiweka hivi, uibadilishe upendavyo:

"Naomba ruhusa ya masomo yenye mshahara kwa miezi 6, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 30 Juni, ili nikamilishe sura mbili zilizobaki za tasnifu yangu ya shahada ya uzamivu. Siombi ada wala posho yoyote ya masomo."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Watu wengi huchanganya ruhusa yenye mshahara na kufadhiliwa. Mshahara tayari upo kwenye bajeti, utaendelea kulipwa ukiwepo au usipokuwepo. Ada ni fedha mpya ya kutafutwa. Mkubwa akihisi unaomba fedha mpya, dokezo linahamia kwa mweka hazina, na huko sina la kukuambia.

Unaona nimekwisha kuandika miezi 6, na wewe ndilo uliloniuliza. Nimeiandika kama mfano tu. Hilo nitalirudia.

Ngoja kwanza nikuambie la mkuu wako wa shule, maana barua yako inaonyesha nakala kwa Mkuu wa Shule. Nakala! Barua ya mtumishi inapitia kwake, haimfikii kama habari. Andika "K.K. Mkuu wa Shule" na umkabidhi mkononi. Hapa ndipo moyo wangu unapouma, nawe unajua kwa nini, ingawa nadhani hujawahi kusikia yote.

Mwaka ule nilipoomba kwenda kusoma stashahada ya utawala, wewe ukiwa darasa la tatu, nilifuata ngazi zote. Nilimpa mkuu wangu wa idara barua, akatabasamu, akasema "nitaishughulikia, mama". Nikasubiri. Nikiuliza, jibu ni hilo hilo. Chuo kikafunga udahili, baba yako akasema labda halikuwa fungu langu, nikakubali. Baadaye sana idara ikahama jengo, tukawa tunabeba madawati, nikavuta droo ya meza yake ili iwe nyepesi. Barua yangu imo. Haina muhuri wa kupokelewa, haina hata alama ya kalamu, ina duara la kikombe cha chai juu ya jina langu. Hakuwa ameninyima. Angeninyima ningekata rufaa. Aliilaza tu, kwa sababu nikiondoka yeye angebaki na kazi yangu.

Barua hailali yenyewe, mwanangu. Hulazwa na mtu. Tangu siku hiyo kila mtumishi aliyekuja dirishani kwangu nilimwambia aje na nakala ya pili, nipige muhuri zote mbili, aondoke na yake. Wengine waliniona msumbufu. Na wewe fanya hivyo, shuleni na halmashauri.

Halafu soma mkuu wako alichoandika chini. Akiandika "nawasilisha kwa hatua zako", ujue hajakuunga mkono. Kakupitisha tu kama karani. Unachotaka ni "napendekeza akubaliwe", na sababu. Hataandika sababu asiyoiona, na sababu pekee anayoitaka ni kwamba shule haitamwangukia. Sasa barua yako inasema "walimu wenzangu wako tayari kunisaidia". Walimu gani? Vipindi vingapi? Uliniambia kwenye simu una vipindi 16 kwa wiki, mikondo miwili ya kidato cha tatu na miwili ya cha nne, kila mkondo vinne. Mwenzako wa kemia ana 20. Ukimtupia vyote anafika 36, na hapo hata angekuwa ndugu yako atakutaja vibaya stafu. Lakini yule wa baiolojia si alisoma kemia kama somo la pili? Ana 16. Mpe kidato cha tatu, afike 24, na kidato cha nne kiende kwa wa kemia, afike 28. Ni mzigo, ila unabebeka kwa muhula mmoja. Weka jedwali dogo la mistari mitatu, na wote wawili watie saini. Hiyo karatasi ina nguvu kuliko kurasa zako za vitendo.

Nilitaka kukuambia uahidi pia kuja Jumamosi kufundisha kidato cha nne. Hapana. Ukiahidi Jumamosi watataka na Jumatano, na tasnifu itabaki pale pale. Ingawa, kwa watoto wa mtihani, Jumamosi mbili tatu... Hapana. Usiandike. Ukija, uje kwa hiari yako.

Kurudi Julai kuna faida ambayo hukuitaja: muhula wa pili unaanza, na mtihani wa taifa ni Novemba. Kidato cha nne unakishika wewe mpaka mlangoni. Mkuu wa shule yeyote anaelewa hesabu hiyo.

Barua ya msimamizi wako nayo ibadilishwe. Hii aliyoandika inasema wewe ni mwanafunzi mwenye bidii. Afisa utumishi haulizi bidii. Mwombe aandike: data imekwisha kukusanywa, sura hizi zimekubaliwa, hizi mbili zimebaki, anatarajia uwasilishe tasnifu mwezi fulani. Na mtenganishe kuandika na kusubiri. Ukishawasilisha, watahini wanaichukua kwa muda wao, halafu ndipo utetezi. Huko kusubiri unaweza kukufanyia shuleni ukiwa unafundisha. Usiombe mshahara wa kusubiri watahini, maana hakuna anayejua watachukua muda gani, na muda ukipita utaanza kuomba nyongeza. Kuomba nyongeza ndiko kulikowaharibia watu wengi niliowaona, hata wenye haki.

Jingine: watakupa mkataba wa kurudi kuitumikia halmashauri kwa kipindi fulani. Usome kabla ya kusaini. Na usiondoke kituoni kwa sababu mtu amekuambia "wewe nenda, barua inakuja". Kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni utoro, na utoro humfikisha mtu kwenye kufukuzwa. Nimeona mshahara wa mwalimu ukisimamishwa, yeye yuko maktaba anasoma, ana amani kabisa.

Sasa swali lako. Baba yako anasema omba mwaka, serikali siku zote inakata nusu. Mimi namwambia serikali haikati nusu, inarudisha faili. Lakini pia simpingi kabisa, kwa sababu wewe ndiye unayejua sura mbili zinakula miezi mingapi, na ukiomba sita ukashindwa, utaomba nyongeza, nami nimekwisha kukuambia nyongeza naionaje. Kuna na umakamu wako wa mkuu wa shule. Umakamu ni madaraka, si daraja. Mshahara wako hautaguswa, ila kiti mkuu anaweza kumpa mwingine ukiwa nje, na mtu aliyekikalia mwaka mzima hukizoea kuliko aliyekaimu muhula mmoja. Mwalimu wa taaluma akaimu, lipendekeze mwenyewe kwenye barua kabla hawajampendekeza mtu usiyemtaka. Kama kiti unakitaka bado. Sijui. Mara ya mwisho ulipokuja hapa ulilalamikia ratiba na zamu za usiku mpaka dada yako akalala kitini.

Ningeweza kukuambia ningeandika nini, na kalamu inawasha. Sisemi. Kaa na msimamizi wako mhesabu, halafu mtafute huyo wa baiolojia kabla hajajipangia tuisheni Januari. Rasimu ya pili nitumie, na safari hii isizidi ukurasa mmoja.

Mama yako